Karibu Kula

Goti la kulia la Mzee Otema lilizeeka kabla ya mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mitatu lilikuwa likilisukuma gurudumu la ufinyanzi pale Kisugu, Kampala, na sasa kila teke lilipanda mpaka kiunoni na kukaa huko. Hakulalamika. Kulalamika nako kunataka nguvu, na nguvu zake alikuwa akizigawa kama sukari ya mwaka ule, kijiko kwa kijiko.

Gurudumu lenyewe halikuwa na makuu. Chini palikuwa na duara zito la saruji, katikati yake mhimili wa chuma uliosimama wima, na juu ya mhimili sahani ya mbao ngumu. Mfinyanzi hukaa juu ya ubao, hulipiga lile duara la chini kwa wayo, na sahani ya juu huzunguka. Uzito wa saruji huendeleza mwendo ili mguu upumzike. Habari hiyo ya mguu kupumzika Otema aliambiwa na walimu wa shule ya misheni waliomfundisha kazi, na wote walikuwa vijana.

Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha moja pana la upande wa mashariki, lisilo na kioo. Alikuwa amelitundikia kitambaa cheupe chembamba, kwa sababu jua kali hukausha ukingo wa chombo upande mmoja kabla ya mwingine, na chombo kikapinda. Mwanga uliopenya hapo ulikuwa mlaini. Uliangukia udongo uliolowa ukachora mstari mweupe juu ya ukingo, na Otema alifanya kazi kwa kuutazama mstari huo. Ukitulia, chombo kiko katikati. Ukitetemeka, kuna mahali mkono umekosea.

Mwaka ule watu wa kaskazini waliokaa Kampala waliishi kwa kuviogopa vizuizi vya barabarani. Askari husimamisha basi, husoma vitambulisho, na mwenye jina la Kiacholi au la Kilango huambiwa ashuke. Basi huondoka bila yeye. Jirani yao Okullo, karani mpole asiyejua hata kugombana na kuku, alishushwa hivyo mwezi wa tatu, na mpaka sasa mkewe alikuwa akimwekea chakula. Filda, mke wa Otema, alitaka jambo moja tu duniani: kurudi kwao Gulu, ambako binti yao Apio alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Otema alilitaka hilohilo. Walichokosa ni karatasi ya kuwavusha njiani.

Karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwa Kapteni Abubaker. Alikuja Jumapili moja na gari la jeshi, akasimama mlangoni akijipepea kwa kofia, akaviangalia vyombo rafuni.

"Mzee, mimi nataka bakuli sitini," alisema. "Duka yote ya Nakivubo iko tupu. Hakuna sahani, hakuna kikombe. Wageni ya mkubwa inakuja kambini, itakula ndani ya nini? Ndani ya kofia yangu?" Akacheka mwenyewe. "Na kila bakuli uandike maneno: Karibu kula. Herufi kubwa kubwa. Jumamosi ya tatu nakuja kuchukua."

Otema alijikaza akaomba barua. Kapteni alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Filda aliyekuwa akichambua maharagwe kizingitini.

"Bakuli sitini, barua ya watu wawili," alisema. "Naweka sahihi, naweka muhuri. Hakuna askari kwa barabara atawagusa."

Mapatano yakawa hayo. Siku ishirini, mabakuli sitini, watu wawili Gulu.

Kazi ya kuchora maneno ilikuwa ya Namuddu. Huyu alikuwa mjane wa Kiganda, mwenye miaka thelathini na kitu, aliyefanya kazi na Otema mwaka wa tano sasa. Mkono wake ulikuwa mzuri ajabu. Alichonga herufi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, na herufi zikasimama sawa kama zimepigwa chapa. Tatizo lake lilikuwa moja, sauti za la na ra. Kwao sauti hizo mbili hupishana mlango, moja ikitoka nyingine inaingia, na Namuddu hakuwahi kuzitofautisha katika Kiswahili. Aliwahi kuandika "Heri Losa" kwenye jagi la arusi ya binti aitwaye Rosa. Ukoo mzima wa Rosa ulicheka mpaka ukashika mbavu, na Namuddu alikwenda nyuma ya tanuri akalia. Tangu siku hiyo hakuchora neno lenye la au ra kabla ya kuuliza.

Na kwa mabakuli ya Kapteni aliuliza. Hilo lisisahaulike. Aliuliza.

Ilikuwa siku ya tatu, mchana. Mabakuli ya jana yalikuwa yameshika, udongo umekuwa kama mche wa sabuni, haubonyei lakini unakubali kisu. Otema alikuwa ameshayachonga vitako. Namuddu alikaa karibu na dirisha, bakuli mapajani, spoku mkononi. Otema alikuwa gurudumuni na tonge la arobaini na moja.

Alilipiga tonge katikati ya sahani, akalowesha mikono, akalipa duara la chini mateke matano ya nguvu. Akabana viwiko mapajani, kwani mkono usio na pa kuegemea huchukuliwa na udongo badala ya kuuchukua. Kwa kiganja cha kushoto alisukuma ubavuni, kwa cha kulia akakandamiza juu. Tonge lilirukaruka, likapanda likachongoka kama pia ya watoto, likashuka, likapanda tena, mpaka likatulia kabisa na kuonekana kama halizunguki. Akazamisha vidole gumba katikati, akasimama kabla ya kufika chini, maana kitako kinataka unene wa kidole. Akafungua. Kisha akaanza kuvuta ukuta, vidole vya kushoto ndani, kifundo cha kidole cha kulia nje, vikipanda pamoja polepole huku udongo ukipita kati yake, ukiteleza, ukikonda. Mvuto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sasa ilibaki kulitanua bakuli, na hapo ndipo roho ya mfinyanzi hukaa kooni. Ukuta umeshakuwa mwembamba, umekunywa maji, na jinsi unavyoinama nje ndivyo unavyotaka kuanguka. Gurudumu lazima lipungue mwendo, na pumzi ya mtu nayo.

"Mzee," Namuddu aliita. "Ni kula au kura?"

Mstari wa mwanga ulitetemeka. Otema hakuinua macho. Alitoa neno moja, akaendelea kutanua, na bakuli likasimama.

"Asante, ssebo," alisema Namuddu kwa heshima ya Kiganda, akainamia kazi yake.

*

Siku ya kumi na moja mabakuli yote sitini yalikuwa rafuni, yamekauka, yamebadilika rangi kutoka kijivu cha matope hadi weupe wa majivu. Kesho yake yalikuwa yaingie tanurini. Otema alikuwa amejilaza kwenye mkeka, mguu juu ya gunia, na kwa mara ya kwanza tangu Kapteni aje alikuwa akifikiria sura ya mjukuu wake.

Aliingia jirani yao Bi Hindu, amebeba vitumbua viwili kwenye kisosi. Babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara, akafia Buganda akiwa bado anawasahihisha watu Kiswahili, na ugonjwa huo alimrithisha mjukuu. Bi Hindu hakuweza kupita kibao cha duka bila kukisoma kwa sauti na kukisikitikia.

Alisogea rafuni akasoma. Akacheka. Akasoma la pili, na la tatu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mzee Otema," alisema taratibu. "Haya mabakuli ni ya nani?"

"Ya jeshi. Ya Kapteni Abubaker."

Bi Hindu aliweka kisosi chini, akaenda kufunga mlango.

"Hapa pameandikwa Karibu kura," alisema. "Kura, mzee. Ile ya kupiga. Unawakaribisha askari kwenye uchaguzi."

Neno hilo lilikuwa halijasemwa kwa sauti katika mtaa ule kwa miaka sita na zaidi. Wakubwa waliotwaa nchi kwa bunduki waliahidi uchaguzi siku ya kwanza, kisha wakaupiga marufuku pamoja na vyama vyake, na tangu hapo watu walipotea kwa mambo madogo kuliko hayo. Kupeleka kambini mabakuli sitini yanayowauliza wakubwa habari za kura ilikuwa sawa na kwenda kujichimbia kaburi na kuomba mwenyewe koleo.

Otema alisimama kwa goti lake bovu akashika bakuli moja, akalisogeza dirishani. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, na herufi alimwachia Namuddu siku zote. Aliifuata ile ya tatu ya neno la pili kwa ncha ya kidole. Kiguu, kichwa cha duara, mkia. Ra.

Namuddu, aliyekuwa akifagia, aliacha ufagio. "Wewe uliniambia," alisema. "Nilikuuliza, mzee! Nilisema ni kula au kura, wewe ukasema kura. Ukasema kwa nguvu. Haki ya Mungu, mimi sikuandika kwa kichwa yangu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema!"

"Namuddu, mimi najua kula na kura. Kiacholi kina la na ra zake, hazigombani. Kwa nini niseme—"

Filda, aliyekuwa kizingitini siku ya swali lile kama alivyokuwa leo, aliachia pumzi ndefu. Yeye hakujua kusoma, lakini alijua mumewe alivyokuwa akiongea akiwa gurudumuni.

"Ulisema," alimwambia Otema. "Nilikusikia. Lakini hukumjibu yeye. Ulikuwa unamwambia angoje."

Otema alikaa chini. Kura. Katika lugha yake, kwa watoto, kwa mke, kwa mtu yeyote anayemsemesha wakati ukuta wa chombo unataka kuanguka, neno lililomtoka ni hilohilo: kura, yaani nisubiri. Alimwomba Namuddu asubiri, naye Namuddu akapokea jibu, akalichora mara sitini.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka jioni. Otema alijisikia mchovu kwa namna mpya, mchovu wa kitu ambacho hakikuwa kosa la mtu. Angekuwa na wa kumkasirikia angalau angepata moto kidogo kifuani.

"Ziba hizo ra za kura," alishauri Bi Hindu. "Weka udongo, uchonge la juu yake."

Otema alijua jibu, lakini alijaribu, kwa heshima ya matumaini ya watu. Alilowesha kitone cha udongo, akakijaza kwenye ra moja, akakisawazisha kwa kidole. Kikaonekana safi. Baada ya saa moja kilikuwa kimesinyaa na kujitenga pembeni. Alikigusa kwa ukucha kikadondoka kizima. Udongo mbichi husinyaa ukikauka, na mkavu umeshamaliza kusinyaa. Viwili hivyo havishikani. Kuukwangua ukuta wote nako hakukuwezekana. Yeye ndiye aliyekuwa akijisifu kwamba mabakuli yake ni mepesi, na sasa wepesi huo haukuacha nyama ya kukwangua.

"Tutayarudisha majini," alisema.

Waliburuta pipa mpaka chini ya dirisha, wakalijaza maji. Mtu asiyejua kazi hii hudhani udongo uliolainika kidogo ndio ulio rahisi kuuyeyusha. Ni kinyume. Ule uliokauka hadi ndani ndio unaokubali maji. Namuddu aliingiza bakuli la kwanza, nalo likazomea, likatoa mapovu ukuta mzima, na kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi kumi ukingo ukamong'onyoka. Neno KARIBU lilikwenda kwanza. Namuddu aliyaingiza yote mwenyewe, moja moja, akilia bila sauti. Otema alimwacha alie, akaanza kupanga matofali ya kukaushia.

Zilibaki siku tisa.

*

Udongo ulioyeyuka ni uji, na uji haukai gurudumuni. Waliumwaga juu ya matofali makavu yaliyofunikwa kwa magunia, ili matofali yafyonze maji, na laiti lingekuwa jua la mwezi wa pili ungeshika kwa siku moja. Lakini ilikuwa masika. Mvua ilipiga kila alasiri, na hewa yenyewe ilikuwa imelowa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, na udongo bado ulikuwa unanata mikononi. Filda aliugeuza kwa jembe. Namuddu alibadilisha magunia. Asubuhi ya siku ya nne Otema alisema basi, akaanza kuukanda, akiukunja na kuusukuma kwa uzito wa mabega ili hewa itoke.

Ulikuwa laini kupita kiasi, na alijua. Udongo laini ni mzuri kwa mgonjwa, haumsumbui kuuweka katikati, lakini ukuta wake hausimami. Ilimbidi aache kuta nene na vitako vinene, yeye ambaye hakuwahi kuuza kitu kinene maishani mwake. Alipiga teke, akalowesha mikono, akabana, akafungua, akavuta. Kamba ya waya ikapita chini, Namuddu akapokea kwa viganja viwili, tonge jingine likaja. Alipofika thelathini goti lilikataa. Filda akainama, akaanza kulisukuma duara la saruji kwa mikono, amepiga magoti sakafuni, uso wake karibu na miguu ya mumewe.

"Polepole," alisema Otema. "Sasa haraka. Sasa polepole."

"Miaka thelathini ya ndoa unaniambia hivyo," alijibu Filda.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umehama kutoka ukingoni hadi mikononi mwake, na mikono iling'aa kwa matope, ikionekana ya kijana. Alimaliza la sitini kabla ya jua kuondoka. Kesho yake alichonga vitako, na Namuddu akachora. Kila bakuli aliandika KARIBU, akasimama, akalitaja neno la pili herufi kwa herufi, akasubiri mpaka Otema asimamishe gurudumu, amtazame usoni na kumtajia herufi ya tatu: "La."

Yalibaki kukauka, na siku zilikuwa hazipo. Tanuri linahitaji siku ya kuwaka na siku ya kupoa. Ili Jumamosi lifunguliwe, ilikuwa lazima liwashwe Alhamisi. Asubuhi ya Alhamisi Otema alichukua bakuli moja moja akaliweka shavuni. Bakuli lililokauka lina joto la chumba. Lenye maji ndani bado ni baridi, hata kama kwa macho limekwisha kuwa jeupe. Thelathini na nne hayakumshtua shavu. Ishirini na sita, yale ya mwisho, yalikuwa baridi.

"Choma yaliyo tayari," Filda alimwambia. "Mengine yaache."

"Amesema sitini. Barua ya watu wawili ni mabakuli sitini."

"Na yakipasuka?"

Otema aliinua bakuli jingine. Angekuwa hajachoka labda angemsikiliza. Mchovu hutaka jambo liishe, na hilo humfanya acheze bahati. Aliyapanga yote, makavu nyuma, yenye baridi mbele, akawasha moto mdogo wa vijiti mdomoni mwa tanuri, moto wa kupasha tu, akauchunga kwa saa nyingi. Maji yaliyo ndani ya udongo yakitolewa taratibu hutoka kama jasho. Yakiharakishwa huwa mvuke, na mvuke usio na njia hujitengenezea yake.

Saa nane mchana, moto ulipoanza kunguruma, lilisikika la kwanza. Sauti fupi, nzito, ya kitu kilichopasuliwa kutoka ndani. Namuddu alishika kifua akidhani ni risasi. Kisha la pili, na mawili kwa pamoja. Filda hakuondoka pale alipokuwa amekaa. Kila lilipopasuka alifumba macho, akayafumbua. Otema hakuweza kuuzima moto, kwani kuupoza ghafla kungemaliza na yale mazima. Aliendelea kutia kuni.

Jumamosi alfajiri waliondoa matofali ya mdomo wa tanuri. Yale ishirini na sita yalikuwa vigae vyote. Vigae vilivyorushwa vilikuwa vimevunja matano ya nyuma. Yaliyosimama yalikuwa ishirini na tisa, mekundu, mazima, yakilia vizuri yakigongwa kwa kidole. Yangali na joto, Filda aliyachovya katika uji mwepesi wa wimbi ili vitundu vizibe na mchuzi usivuje, akayapanga mezani kwa mwanga wa dirisha. Yalikuwa mazuri. Otema aliyatazama akaona aibu.

Kapteni Abubaker alifika saa nne. Alishika bakuli, akaligeuza, akampa Namuddu.

"Wewe, soma. Miwani yangu iko kwa gari."

Namuddu aliinua bakuli kwa mikono miwili, midomo ikajipanga.

"Karibu kula," alisoma, na la yake ilikuwa safi hata Bi Hindu angempa mkono.

"Mzuri! Mzuri sana." Kapteni alifurahi kweli. Akaanza kuhesabu kwa kidole, na furaha ikapungua kadiri kidole kilivyoendelea. "Ngapi hii?"

"Ishirini na tisa, afande. Mengine yalipasuka motoni. Mvua—"

"Mimi nilisema sitini."

"Nitatengeneza mengine, afande."

Kapteni alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Otema zaidi. Alifikiri kama mtu anayegawanya nyama.

"Nusu ya bakuli," alisema, "nusu ya barua. Nitaandika mtu mmoja. Wageni itakula kwa zamu. Wewe maliza zingine, siku nikiona sitini, naandika mtu wa pili. Sasa sema jina. Nani anakwenda?"

Otema na Filda walitazamana. Miaka thelathini, na hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Yeye," Filda aliwahi. "Wanaume ndio wanaoshushwa. Andika Otema."

"Andika Filda," alisema Otema. Kisha, kwa lugha yao, kwa sauti ya chini: "Wewe utalizungusha hilo gurudumu utoe nini? Nikienda mimi, hakuna mabakuli. Hakuna barua ya pili, na wewe utabaki hapa milele. Ukienda wewe, mimi naweza kufuata."

Filda alitafuta kasoro katika maneno hayo, akaikosa. Aliinamisha kichwa. Kapteni akaandika Filda.

*

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Tarcisio, dereva wa lori la chumvi, alikuwa amekubali kumchukua mpaka Gulu, na honi yake ililia barabarani mara mbili. Otema alikuwa gurudumuni tangu mapambazuko. Alisema ni kwa sababu kuna mabakuli thelathini na moja ya kutengeneza. Ukweli ni kwamba hakujua mtu hufanya nini na mikono yake siku kama hiyo.

Mwanga ulikuwa laini. Bakuli lilikuwa limeshavutwa, linatanuliwa, ukuta mwembamba umelowa unazunguka, mstari mweupe umetulia ukingoni. Alikuwa amerudia wembamba wake wa zamani. Namuddu alikaa dirishani na spoku yake.

Filda alisimama mlangoni, furushi kichwani, barua imeshonewa kwenye pindo la gauni.

"Baba Apio," aliita. "Utakuja?"

Miaka yote ile angemjibu bila kuinua macho. Ulimi wake ulikuwa tayari na neno lenyewe. Safari hii aliuacha mguu ukalizuia duara la chini, akatoa mikono. Bakuli lilizunguka nusu mzunguko, polepole, ubavu mmoja ukainama, kisha mwingine, na lote likalala juu ya sahani. Otema hakulitazama. Aligeuka akamtazama mkewe, matope yakimchuruzika viwikoni.

"Kura," alisema.

Filda aliitikia kwa macho, kwa sababu shingo ilikuwa imebeba furushi. Honi ililia tena. Walimsikia akishuka ngazi, wakasikia mlango wa lori, wakasikia lori likibadilisha gea kwenye mlima, na hatimaye hawakusikia kitu.

Namuddu aliinuka, akakusanya lile bakuli lililoanguka kwa viganja viwili, akalikunja tena kuwa tonge.

"Hiyo inaandikwa kwa ra," alisema.

"Ndiyo," alisema Otema. "Hiyo ni kwa ra."

Akapokea tonge, akalipiga katikati ya sahani, akalitafutia goti lake nguvu ya teke la kwanza.